Mwili kwanza, nukta baadaye: kwa anayejifunza kuandika herufi za Kiarabu ukubwani

*Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Tanga. Msahafu nausoma tangu utotoni chuoni, lakini kuandika hatukufundishwa, tulisoma tu. Sasa nanakili maneno kwenye daftari. Sijui kalamu ianzie wapi, nukta niziweke wakati gani, na mwandiko wangu unapanda kilima hata nikiwa juu ya mstari. Nirekebishe lipi kwanza?*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Rekebisha kwanza mpangilio wa kazi, kwa sababu mengi ya mambo uliyoyataja yanatokana nao. Mtu aliyezoea kusoma tu hulitazama neno lililopigwa chapa kama picha, akaichora picha hiyo kipande kwa kipande: jino na nukta yake, jino linalofuata na nukta yake, mpaka mwisho. Lakini ukurasa uliochapwa unaonyesha mahali kalamu ilipopita bila kuonyesha njia iliyopitia, na katika mwandiko huu njia ndiyo inayoamua umbo. Mkono uliozoea huandika mwili wa neno kwanza, bila nukta hata moja, kalamu ikiteleza kutoka kulia hadi pale herufi zinapokatika zenyewe; kisha unarudi kuongeza mistari inayohitaji kalamu inyanyuliwe; halafu nukta; na mwisho kabisa irabu, ikiwa zinahitajika.

Neno kubwa hapo ni "kukatika". Unajua kutokana na kusoma kwamba herufi sita, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, hushikwa na herufi iliyo kulia kwake lakini hazishiki iliyo kushoto. Kwa msomaji hilo ni jambo la kukumbuka tu, lakini kwa mwandishi ndilo linalopanga pumzi. Kila herufi mojawapo ya hizo sita inapofika, mkono una ruhusa ya kunyanyuka. Kabla ya hapo hauna. Kwa hiyo kipimo cha mwandishi ni kipande, ambacho huenda kikawa herufi moja au herufi tano, wala si herufi moja moja. Kabla ya kugusa karatasi, litazame neno unalotaka kunakili ujiulize lina vipande vingapi. Neno "kitabu" likiandikwa كتاب lina viwili: kafu, te na alifu kwa pamoja, kisha be peke yake. Neno "dada" likiandikwa دادا lina vinne, na kila kimoja kimesimama peke yake, ndiyo maana wanafunzi wengi huliandika vizuri siku ya kwanza wakadhani kazi imekwisha.

Kwamba mwili na nukta ni tabaka mbili tofauti si utaratibu uliobuniwa na walimu ili kuwasumbua watu. Ipo mjini Viyena stakabadhi fupi iliyoandikwa juu ya mafunjo katika mwaka wa 22 wa Hijra, yaani 643, na ndani yake ni herufi chache tu zilizotiwa nukta. Zilizobaki ni mwili mtupu, na aliyezisoma alizifahamu kutokana na maana. Nukta ziliongezwa juu ya mwili uliokwisha kuwapo, na mkono wa mwandishi hadi leo unafuata mpangilio huohuo. Hata wewe unapoandika herufi za Kilatini kwa mwandiko wa kuunganisha, huweki nukta ya "i" katikati ya neno. Unalimaliza neno, kisha unarudi. Tofauti ni kwamba katika herufi za Kiarabu 15 kati ya 28 zina nukta, kwa hiyo safari ya kurudi ni ndefu zaidi na inastahili kufanywa kwa utaratibu.

Kuhusu kalamu ianzie wapi, sitakupitisha herufi zote, kwa kuwa nyingi zinajieleza ukishazoea kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka juu kwenda chini. Nitataja zile ambazo watu wazima huzikosea kwa sababu chapa haionyeshi mwelekeo. Ya kwanza ni alifu. Alifu inayosimama peke yake, au inayoanza neno, huandikwa kwa kushusha kalamu kutoka juu mpaka mstarini. Alifu iliyoungwa na herufi iliyotangulia huandikwa kinyume chake: kalamu imo mstarini tayari, hivyo inapanda. Anayeinyanyua kalamu ili aishushe alifu hiyo kutoka juu huacha ufa mdogo chini, mahali pa kiungo, au huipitisha chini ya mstari kikabaki kijimkia. Ukiona vijimkia hivyo chini ya alifu zako za mwisho, umegundua kosa lako bila kuhitaji mwalimu.

Ya pili ni twe, pamoja na ndugu yake dhwe. Mviringo wake ni sehemu ya mwili, mti wake si sehemu ya mwili. Unaandika mviringo, unaendelea na herufi zinazofuata hadi kipande kikatike, kisha unarudi kuushusha ule mti kutoka juu mpaka uguse mviringo upande wa kushoto. Ya tatu ni kafu inapokuwa mwanzoni au katikati: mkono wake ule wa kulala juu huongezwa katika safari ya kurudi, kabla ya nukta. Wapo wanaouandika mkono huo kwanza, nao hupata kafu nzuri. Mimi simshauri anayeanza afanye hivyo, kwa sababu humlazimu kukadiria mahali pa mwili kabla mwili haujakuwapo. Lamu na alifu zikikutana zinakuwa لا, na hapo lamu hushuka na kupinda kwenda kushoto, kisha alifu yake huletwa kutoka juu, ikishuka kwa kulala kidogo hadi ikutane nayo. Ni mahali pekee ambapo alifu iliyoungwa huteremka.

Sasa tuandike neno moja kwa pamoja, na nimelichagua kwa sababu lina karibu kila tatizo ulilolitaja. Ni زنجبار, yaani Zanzibar, kama linavyoandikwa kwa Kiarabu. Chukua daftari la kawaida la mistari na penseli iliyochongwa, si kalamu ya wino, maana mkono wa kulia unapokwenda kushoto hupita juu ya maandishi yaliyo mabichi ukayapaka. Anayeandika kwa mkono wa kushoto hana tabu hiyo. Hapa, mara moja katika maisha yake, mwandiko umempendelea yeye.

Vipande ni vitatu: ze peke yake, kisha nuni, jimu, be na alifu zilizoungana, kisha re peke yake. Ze inaanza juu kidogo ya mstari, inashuka, inaukata mstari na kuzama chini yake huku ikielekea kushoto. Usiitie nukta. Kipande cha pili hakianzii mwisho wa mkia wa ze, bali kinaanzia juu ya mkia huo, karibu na ncha yake. Hili huwashinda wengi. Mtu husubiri mkia uishe, anaacha nafasi, ndipo anaanza nuni, na matokeo yake neno moja linasomeka kama maneno mawili. Nafasi iliyo ndani ya neno lazima iwe ndogo waziwazi kuliko nafasi iliyo kati ya neno na neno, na njia ya kuifanya iwe ndogo ni kukiweka kipande kinachofuata juu ya mkia wa kile kilichotangulia.

Nuni inaanzia hewani, juu zaidi ya mstari bila kuugusa, kwa sababu inayofuata ni jimu. Hapa ndipo khati ya mkono inapoachana na herufi za simu. Kwenye simu, nuni na jimu zote zimepangwa mstarini na kiungo kinapita chini. Katika naskhi, yaani khati ya kawaida ya vitabu, ikiandikwa kwa mkono, herufi inayoitangulia jimu, he au khe hupandishwa juu ili iingie kwenye kichwa chake. Angalia njia ya kalamu: inaanza kwa kijino kifupi cha nuni kulia, inakwenda kushoto kidogo hadi ncha ya kichwa cha jimu, inarudi kulia huku ikishuka mpaka iguse mstari, kisha inageuka kwenda kushoto ikiambaa na mstari. Ukiifuatisha kwa kidole utaona umeandika zedi ya Kilatini iliyotazamwa kwenye kioo. Ile kona ya chini, pale kalamu inaporejea kushoto, ndiyo inayoufikisha mwandiko kwenye mstari. Ikielea, kila kitu baada yake kitaelea.

Baada ya kona hiyo usikimbilie be. Uvute mstari kidogo, upana wa jino moja au moja na nusu, ndipo uinue jino la be. Sababu nitaieleza kwenye nukta. Jino la be ni fupi. Kama alifu yako ina urefu wa vidole vitatu vya kufikirika, jino ni kidole kimoja. Baada ya jino, kalamu inarudi mstarini, inakwenda kushoto kidogo, kisha inapanda moja kwa moja kuwa alifu, na hapo kipande kimekatika. Nyanyua kalamu. Re ya mwisho inaanza karibu na mguu wa alifu, juu kidogo ya mstari, inazama na kuelekea kushoto kama ze ilivyofanya, na kina chake chini ya mstari kiwe kilekile. Macho ya msomaji hayapimi herufi moja moja, lakini yanahisi haraka mkia mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake.

Umemaliza mwili. Mbele yako una maandishi ambayo mtu asiyejua unachoandika hawezi kuyasoma kwa uhakika. Sasa rudi kulia uanze nukta kwa mfuatano uleule: moja juu ya ze, moja juu ya jino la nuni, moja chini ya jimu, moja chini ya jino la be. Nne tu. Alifu na re hazina kitu.

Ukizitazama nukta mbili za chini utaelewa kwa nini nilikuambia uvute mstari. Jimu na be zote zina nukta moja chini, na zimefuatana. Zikikaribiana mno, macho huziona kama jozi, na jozi chini ya jino ni ye. Neno linabadilika mkononi mwako ingawa mwili wake ni sahihi na idadi ya nukta ni kamili. Nukta ya jimu iwe chini ya ile kona tuliyoitaja, au kushoto kwake kidogo, na nukta ya be iwe chini ya jino lake hasa, na kati yao pabaki nafasi inayotosha kuingiza nukta mbili nyingine. Ikiwa nafasi hiyo haipo, usihamishe nukta kwa kubahatisha. Andika neno upya ukiwa umeuvuta mwili. Nukta haiponyi mwili uliobanana.

Nina sababu yangu ya kulisisitiza hili. Nilipokuwa najifunza nilimwandikia jamaa yetu mmoja mzee barua fupi, nikitaka kumwambia kwamba nasubiri "khabari" kutoka kwake. Niliandika خبر, lakini nukta ya be niliigusa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza penseli haikukoza, na ile ya pili ikaangukia pembeni. Alisoma خير, akajibu kwa furaha kwamba heri ninayoisubiri inatoka kwa Mungu. Khabari na kheri zina mwili mmoja. Kinachozitenganisha ni nukta moja au mbili chini ya jino la katikati. Tangu siku hiyo nukta isiyokoza naiacha ilivyo mpaka nimalize mstari, kisha nairudia palepale ilipo, au nafuta nianze tena.

Nukta yenyewe iwe mguso mmoja. Kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari, mguso huo hutoa umbo la mraba uliosimama kwa pembe, na waandishi wa khati huutumia mraba huo kupimia herufi: urefu wa alifu, upana wa be na kina cha nuni vyote huhesabiwa kwa nukta. Utaratibu huo wa kupima unahusishwa na Ibn Mukla, waziri wa Baghdadi aliyefariki mwaka 940. Kwa penseli au kalamu ya kawaida huwezi kupata mraba, na huuhitaji. Unachopaswa kukiepuka ni kuchora kiduara na kukijaza. Kwanza kinachelewesha mkono, pili kikibaki na uwazi katikati kinasomeka kuwa sukuni, na kikiwa kikubwa kando ya neno kinafanana na tarakimu ya tano, ٥.

Nukta mbili hulala sambamba na mstari, moja kulia na moja kushoto, juu ya jino au chini yake. Nukta tatu za the na shini hukaa pembetatu, mbili chini na moja juu yao. Utakutana na watu wanaoandika kwa haraka kwa namna ya rukaa, ambao nukta mbili kwao ni kistari kifupi na nukta tatu ni kikofia chenye ncha juu. Isome namna hiyo, ila usiitumie kwa sasa, kwa kuwa kistari cha mtu asiyezoea hugeuka kwa urahisi kuwa fataha au kasra. Na usishangae ukiona ye ya mwisho wa neno haina nukta katika misahafu inayochapwa Madina. Ni kawaida ya maandishi hayo, kama ilivyo kawaida ya misahafu ya Moroko kuweka nukta ya fe chini na kuipa kafu nzito nukta moja badala ya mbili. Katika daftari lako, itie ye ya mwisho nukta zake mbili, maana bila nukta inafanana na alifu maksura, ile yenye umbo la ye lakini inayosomwa "a".

Ikiwa unataka kuandika Kiswahili, na nadhani ndiko unakoelekea, utahitaji herufi ambazo Kiarabu hakina. Pe ni be yenye nukta tatu chini, پ; che ni jimu yenye nukta tatu, چ; na ve ni fe yenye nukta tatu juu, ڤ. Zile tatu za chini hupangwa kinyume na za shini: mbili ziko juu, karibu na mwili, na moja iko chini yao, ili pembetatu ielekeze ncha yake chini. Wazee wetu hawakuwa na makubaliano katika hili, na katika hati nyingi za kale be moja ilibeba sauti za "b", "p" na "mb" zote, msomaji akachagua kwa maana. Wewe chagua namna moja uishike katika daftari zima. Irabu nazo ziandike baada ya nukta: kasra iwe chini ya nukta ya be, si kati ya nukta na jino, na fataha iwe juu ya nukta ya nuni. Anayetanguliza irabu hukosa mahali pa nukta.

Nimekuja kwenye mstari mwisho kwa makusudi, kwa sababu nusu ya kazi yake tumeshaifanya. Mstari wa daftari si sakafu ambayo herufi zote zinasimama juu yake. Be, te, dali, fe na twe zinakaa juu yake. Re, ze na wau zinaukata na kuzama. Nuni, sini, swadi, kafu nzito na ye, zikiwa za mwisho au zikiwa peke yake, zina bakuli ambalo ukingo wake uko juu ya mstari na kitako chake kiko chini. Jimu na aini za mwisho zina tumbo linaloning'inia karibu lote chini. Anayeyalazimisha mabakuli yote yakae juu ya mstari hupata maandishi yanayoonekana kama yamesimama kwa vidole vya miguu, na kwa kuwa bakuli limechukua nafasi ya juu, herufi inayolitangulia hulazimika kupanda. Hicho ni chanzo kimoja cha kilima. Kwa sababu hiyohiyo, andika mstari mmoja uruke mmoja. Nafasi kati ya mistari ya daftari la kawaida ni yapata milimita 8, nayo haitoshi kubeba mkia wa re, nukta za chini, kasra, na kisha alifu za mstari unaofuata.

Lakini kilima kina vyanzo vingine viwili, na kila kimoja kina dawa yake, kwa hiyo usianze kurekebisha kabla hujajua ni kipi chako. Chukua rula uiweke juu ya mstari wa daftari, chini ya maandishi uliyokwisha kuyaandika, utazame mahali mwandiko unapoachana nayo. Ikiwa kila kipande kinaanzia kwenye rula na kupanda, kisha kipande kinachofuata kinaanza tena chini kwenye rula, basi tatizo ni viungo. Baada ya kila jino kalamu yako hairudi mstarini. Inaishia nusu ya njia, jino linalofuata linaanzia hapo, na kipande chenye meno matatu kinakuwa ngazi. Dawa yake ni kuandika be, te, nuni na ye zikifuatana katika kipande kimoja, bila nukta, ukihakikisha kila bonde kati ya jino na jino linagusa mstari. Mabonde ndiyo ya kutazamwa, wala si ncha za meno. Ukisharidhika nayo, rudi uzitie nukta, na hapo utaona kama meno yako yana nafasi ya kutosha, kwa sababu te na nuni zinapokaribiana juu, nukta zao zinakuwa tatu.

Ikiwa kilima hakikatiki, yaani neno la pili liko juu kuliko la kwanza na la tatu juu kuliko la pili, basi tatizo ni karatasi. Umeandika Kilatini kwa miaka mingi, na kama watu wengi wanaotumia mkono wa kulia, huenda unalilaza daftari hivi kwamba pembe yake ya juu kulia imeinuka. Kwa Kilatini mlalo huo unasaidia. Kwa mwandiko huu, unaanzia kwenye ile pembe iliyoinuka, mkono unakwenda kushoto moja kwa moja kama meza ilivyo, ilhali mstari wa daftari unateremka. Hivyo mkono unauacha mstari chini. Lipange daftari likae sawa na ukingo wa meza, au lilaze kidogo upande wa pili, na baada ya kila maneno mawili au matatu sogeza mkono mzima, kiwiko kikiwemo. Kiwiko kikibaki mahali pamoja, mkono unazunguka kama mguu wa bikari, na mwisho wa mstari utaanguka badala ya kupanda. Ukiona mstari wako unapanda katikati kisha unaanguka mwishoni, una yote mawili.

Umeandika kwamba unapanda hata ukiwa juu ya mstari uliochorwa, na hilo linanifanya nishuku viungo kuliko karatasi, kwa kuwa mtu mwenye mstari mbele yake kwa kawaida hurudi kuutafuta anapoanza kipande kipya. Rula itatuambia.

Kwa juma hili andika زنجبار tu. Mistari mitano kwa siku inatosha, maneno manne au matano kwa mstari, na mistari yote mitano iandike kwanza bila nukta. Kisha iache daftari, ukapike chai, urudi uitie nukta yote kwa mkupuo mmoja kutoka kulia. Mapumziko hayo yana kazi: ukirudi utaiona miili kama msomaji anavyoiona, na zile ambazo hujui nukta ya be uiweke wapi ndizo ulizozibana. Zizungushie penseli, usizitie nukta, uzihesabu. Siku ambayo mstari mzima hauna hata moja ya kuzungushia, ongeza neno lenye bakuli mwishoni. Mimi ningechagua سلطان, kwa sababu lina twe ambayo mti wake unapaswa kusubiri hadi alifu ipande, na nuni peke yake mwishoni ambayo itakuonyesha kama bakuli lako limezama.

Ukipata nafasi, piga picha ya ukurasa mmoja wa siku ya kwanza na mmoja wa siku ya saba, rula ikiwa imewekwa mstarini, unitumie zote mbili.